Kigelegele Kwenye Priampu: Kupanga Geini ya Kwaya Mpaka Masta

Kwaya zinazoingia studio Mpanda mjini, ziwe za Makanyagio au zimepanda gari asubuhi kutoka Katumba, mara nyingi hurekodi kwa mtindo uleule. Mwalimu huja na kinanda chake, midundo na besi huingizwa kwanza, halafu sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne huimba juu yake kwa zamu, kundi moja baada ya jingine. Prodyuza anampima mtu mmoja, anaweka geini, anaanza kurekodi. Beti mbili zinapita salama. Kwenye kibwagizo cha mwisho wimbo unachangamka, mama mmoja anaachia kigelegele, taa nyekundu inawaka, na kipande kilichoimbwa vizuri kuliko vyote kinabaki kimekwaruza.

Mkwaruzo huo hautoki tena. Sauti ya dijitali ina dari, inaitwa 0 dBFS, na juu yake hakuna namba ya kuandikia chochote. Ndiyo maana namba zote za kawaida kwenye mita zina alama ya kutoa: -6 iko karibu na dari, -60 iko chini kabisa karibu na ukimya. Wimbi linalotaka kupita dari hukatwa kichwa, na plagini za kulikarabati hukisia tu umbo lililopotea. Ukiiogopa dari ukashusha sauti kupita kiasi, unaangukia tatizo la pili, kwani baadaye utaipandisha, na kila ulichokuwa huisikii, feni, mvumo wa umeme, shii ya maiki, kitapanda nayo.

Kazi ya kupanga geini ni kuhakikisha kwamba kila kituo ambacho sauti inapitia, kuanzia priampu mpaka masta, kinaipokea ikiwa juu ya kelele na chini ya dari. Hapa tutaufuata wimbo mmoja wa kwaya kutoka kwenye maiki hadi kwenye faili la mwisho. Muda mwingi tutakaa kwenye priampu, maana ndicho kituo pekee ambacho ukikosea huwezi kubonyeza ukarudi nyuma.

Pima kwa sauti kali kuliko zote

Usiweke geini kwa "moja mbili, moja mbili" ya mwalimu. Waombe kundi zima waimbe kibwagizo cha mwisho, pale wimbo ulipochangamka, wakiwa wamesimama watakaposimama wakati wa kurekodi. Kisha uliza nani atapiga vigelegele. Daima yupo mmoja au wawili, na wenzao watakuonyesha kwa kidole. Mwambie apige kwa nguvu ileile ya kanisani, siyo kwa aibu ya studio. Kigelegele kinaweza kuruka desibeli 10 au zaidi juu ya kuimba kwa kawaida, hivyo geini iliyoonekana salama kwenye ubeti wa kwanza haina maana yoyote hapo.

Zungusha nobu ya priampu mpaka kigelegele hicho kiguse -10 hivi kwenye mita ya programu ya kurekodia. Kuimba kwa kawaida kutajikuta kati ya -24 na -18, na kwenye skrini wimbi litaonekana dogo. Liache hivyo. Watu wengi huliona jembamba wakapandisha geini ili lijaze nafasi, na hapo ndipo wanapoukaribisha mkwaruzo. Kama unatumia kadi ya sauti ya Focusrite Scarlett, usisubiri pete ya nobu iwe nyekundu ndipo urudi nyuma kidogo. Nyekundu maana yake umeshagonga. Namba ya mita ndiyo ya kufuata.

Tabia ya kurekodi kwa sauti kubwa ilikuwa na sababu zake enzi za kanda, na hata enzi za biti 16. Kila biti huongeza desibeli 6 hivi za nafasi kati ya dari na kelele ya mashine, kwa hiyo biti 16 zinatoa kama 96, na biti 24 zinatoa 144 kwenye karatasi. Kadi ndogo za USB hazifikii 144. Nyingi huishia kwenye mia moja na kitu, lakini hata hiyo ni nafasi kubwa kuliko unayoweza kuimaliza kwenye chumba chochote cha Mpanda chenye feni na barabara ya bodaboda nje. Ukiweka programu kwenye biti 24 kabla hujaanza, desibeli 10 unazoziacha wazi hapo juu hazikugharimu kitu kinachosikika.

Baada ya kupata kiwango hicho, usiguse nobu mpaka kundi hilo limalize treki zake zote. Ukiigusa katikati, kipande utakachorudia kesho hakitakaa sawa na cha leo. Andika mahali nobu iliposimama, maana sauti ya kwanza ikirudi wiki ijayo kurekebisha ubeti mmoja, utaitafuta.

Kinanda hakihitaji priampu ya maiki hata kidogo. Kiingize kwenye tundu la laini, weka sauti ya kinanda chenyewe kwenye robo tatu, na geini ya kadi iwe chini kabisa au karibu na hapo. Kinanda kilichoshushwa sana halafu kikapandishwa kwenye kadi huleta shii yake yote, na kilichofunguliwa mpaka mwisho wakati mwingine hukwaruza kutoka ndani yake kabla hakijafika kwako.

Kelele inaingilia wapi?

Kabla kwaya haijaanza, rekodi nusu dakika ya ukimya geini ikiwa palepale ulipoiweka. Watu wasimame kimya, milango ifungwe. Tazama mita. Ikikaa chini ya -60, endelea. Ikiwa -45, simama utafute chanzo, na njia ya kukitafuta ni rahisi: shusha geini ya priampu kwa desibeli 10 kisha utazame kelele imefanya nini.

Kelele ikishuka kwa desibeli 10 vilevile, inaingia kabla ya priampu, na karibu kila mara inapitia kwenye maiki. Hiyo ni feni, ni friji ya duka la jirani, ni jenereta nje ya ukuta. Geini haitakusaidia hapo hata kidogo, kwa sababu sauti na kelele vinapanda na kushuka pamoja. Dawa ni umbali. Kwenye chumba kisicho na mwangwi mwingi, ukipunguza umbali wa kundi na maiki kwa nusu, mfano kutoka mita moja hadi nusu mita, sauti inayofika kwenye maiki hupanda kwa desibeli kama 6, lakini feni ya ukutani inabaki ilivyokuwa. Sasa unaweza kushusha geini desibeli hizo 6, na kelele inashuka nazo. Hakuna priampu ya kununua itakayokupa faida hiyo kwa bei hiyo.

Ukishusha geini na kelele isishuke, basi inaingia baada ya priampu. Mshukiwa wa kwanza ni chaja ya laptopu. Ichomoe, rekodi kwa betri, usikilize tena. Mvumo mzito usiobadilika, ule wa 50 Hz na 100 Hz, unatoka kwenye umeme wenyewe au kwenye vifaa viwili vilivyochomekwa kwenye soketi tofauti kisha vikaunganishwa kwa waya wa sauti. Vichomeke vyote kwenye ekstensheni moja. Mpanda iliendeshwa miaka mingi kwa jenereta za dizeli za TANESCO, nje ya gridi ya Taifa, na studio nyingi zilijifunza hapo kuwa na betri ya akiba. Betri hiyo ni rafiki wa rekodi safi hata siku ambayo umeme haujakatika.

Mvua juu ya bati haina hesabu. Kati ya Novemba na Aprili panga kwaya zako asubuhi, na ikianza kunyesha, subiri.

Wimbi lililokatwa kichwa chini ya dari

Kuna mkwaruzo unaowachanganya mafundi mitambo wa makanisani kuliko mwingine wowote. Ibada inarekodiwa kwa kutoa waya kwenye mikisa na kuuchomeka kwenye tundu la maiki la laptopu. Sauti inakwaruza. Fundi anafungua mipangilio ya Windows, anashusha kiwango cha kuingia, na mita sasa inagonga -7 tu. Haiwaki nyekundu tena. Lakini mkwaruzo uko palepale.

Likuze wimbi hilo kwenye skrini mpaka uone mizunguko yake mmojammoja. Utaona vichwa vyote vimekatwa bapa kwenye mstari mmoja, chini ya dari. Sauti iliumia kwenye saketi ndogo ya tundu lile, lililotengenezwa kupokea sehemu ndogo ya volti kutoka kwenye maiki, nawe umelipa nguvu ya laini kutoka kwenye mikisa. Kipimo ulichoshusha kinakuja baada ya jeraha. Mita ya kompyuta inakwambia kama umegonga dari ya kompyuta, haiwezi kujua kilichotokea nyuma yake.

Kwa hiyo shusha kule kunakotoka. Chaneli za mikisa zipangwe vizuri, kila moja na geini yake, masta ya mikisa iwe karibu na sifuri yake ya kawaida, na ushushe kwenye njia ya kutolea rekodi, au utumie kadi ya USB yenye tundu la laini. Ukishusha geini za chaneli badala ya njia ya kutolea, utaponya mkwaruzo lakini utaleta shii, kwani kila hatua ya mikisa inayofuata inaongeza kelele yake juu ya sauti uliyoidhoofisha.

Ndani ya programu

Tuseme sasa wimbo wetu una treki 16: nane za kinanda na midundo, nane za sauti, moja kati ya hizo ikiwa ya mwimbaji kiongozi. Cubase, Reaper na FL Studio huchanganya kwa hesabu ya biti 32 au 64 yenye nukta inayoelea. Hesabu hiyo inaweza kubeba sauti iliyopita 0 bila kuikata, na ndiyo maana wako watakaokuambia kwamba taa nyekundu za ndani si kitu, shusha tu fada ya masta. Kwa hesabu tupu wana haki. Kwa kazi ya kweli wanakupotosha, kwa sababu ya plagini.

Chukua kompresa iliyowekwa kizingiti -18 na uwiano wa 4 kwa 1. Sauti ya kwanza ikiingia ikiwa na kilele cha -12, imepita kizingiti kwa 6, na kompresa itaikandamiza kwa desibeli 4 na nusu. Inasikika kama mkono mwepesi. Sauti hiyohiyo uliyoipandisha ikaingia na -4 imepita kizingiti kwa 14, na itakandamizwa kwa 10 na nusu. Waimbaji wanakosa pumzi, herufi za mwanzo wa maneno zinafifia, na wewe unailaumu kompresa wakati shida ni kiwango ulichoilisha. Plagini nyingi zinazoiga mashine za zamani zimetengenezwa zikitarajia wastani wa -18 hivi. Ukizilisha zaidi zinaanza kuchafua sauti kwa makusudi.

Sasa, kabla ya plagini yoyote, sawazisha treki kwenye klipu yenyewe. Kwenye Cubase shika kishikio cha katikati juu ya kipande cha sauti ukivute chini, na kwenye Reaper tumia sauti ya kipande chenyewe. Kwenye FL Studio tumia nobu ya sauti ya chaneli kabla ya mikisa. Fada hazifai kwa kazi hii, kwa kuwa plagini nyingi hukaa kabla ya fada na haziujui mwendo wake. Lenga wastani wa -20 mpaka -18 kwa kila treki, vilele vikiwa karibu na -10.

Kila plagini unayoongeza, izime na kuiwasha huku ukisikiliza. Kama wimbo unapanda sauti ukiiwasha, shusha njia yake ya kutolea mpaka hali mbili zilingane. Masikio yetu hupenda chochote kilicho juu zaidi, na bila kulinganisha hivyo utaongeza desibeli 2 kwenye plagini tano, ufike kwenye masta umebeba 10 ambazo hukuzikusudia. Kumbuka pia kwamba kompresa ikikandamiza 6 nawe ukairudishia 6, ukimya ulio kati ya maneno nao umepanda 6. Feni uliyodhani umeishinda imerudi.

Hapo kuna jambo linalozihusu zaidi kwaya. Treki nane za sauti zilizorekodiwa chumba kimoja zimebeba kelele ya chumba hicho mara nane, na zikijumlishwa kelele inapanda kwa desibeli 9. Wote wakiimba hutaisikia. Lakini mwimbaji kiongozi anapobaki peke yake kwenye ubeti, treki saba zilizonyamaza bado zinamwaga feni nyuma yake. Kata vipande vyote visivyo na sauti, weka mwanzo na mwisho unaofifia polepole ili mkato usisikike, na sehemu kubwa ya kelele itaondoka bila plagini ya kusafisha.

Zikikutana kwenye masta

Treki 16 zisizofanana, zenye wastani wa -20 kila moja na fada zote kwenye sifuri, hazibaki kwenye -20 zikijumlishwa. Zinapanda kwa desibeli kama 12. Wastani unakuwa -8, na vilele, ambavyo kwenye muziki wenye ngoma husimama desibeli 10 mpaka 12 juu ya wastani, vinafika +2 au +4. Hakuna treki hata moja iliyokosewa, ila jumla imepita dari.

Ndiyo maana mchanganyo haujengwi fada zote zikiwa zimesimama sifuri. Shusha zote, anza na kitu kinachopiga zaidi, kwa wimbo huu ni kiki ya midundo ya kinanda, uipandishe mpaka masta isome -12. Leta besi mpaka ikae nayo, halafu mwimbaji kiongozi, halafu kwaya kundi kwa kundi, mwisho magita na vinanda vya pembeni. Ukijenga kwa mpangilio huo, kibwagizo kizima huangukia kati ya -6 na -3 kwenye masta. Kikizidi, chagua fada zote za treki uzishushe kwa pamoja, ukiziacha zile za makundi yanayopokea treki hizo, na uhakikishe hushushi mara mbili: treki zikishushwa 4 na kundi lao likashushwa 4, sauti hizo zimepotea 8 huku kinanda kimepotea 4 tu.

Fada ya masta iache kwenye sifuri. Kompresa uliyoweka kwenye masta kwa kawaida iko kabla ya fada hiyo, kwa hiyo kuivuta chini kunatuliza taa nyekundu bila kuituliza kompresa. Angalia pia kama programu yako haijakuwekea limita kimyakimya. Baadhi ya violezo vya kuanzia vya FL Studio huja nayo tayari kwenye masta, na prodyuza anaweza kuchanganya mwaka mzima akiamini hagongi dari kumbe limita inafyeka vilele vyake. Izime wakati wa kupanga viwango, uone ukweli wa mita, ndipo uiwashe mwishoni.

Limita ya mwisho iwe kitu cha mwisho kabisa kwenye masta, dari yake -1 badala ya 0. Wimbo wa kwaya hapa kwetu hausambai kwa faili la WAV. Unageuzwa MP3, unapita WhatsApp, unachezwa kwenye spika ya Bluetooth sokoni, na kila mgeuzo hulichora wimbi upya na unaweza kuvipandisha vilele kidogo juu ya vilivyokuwa. Desibeli hiyo moja ndiyo nafasi ya mgeuzo. Ukiona limita inakandamiza zaidi ya 3 au 4 kwenye kibwagizo, rudi ukatafute treki inayochokoza, na mara tisa kati ya kumi ni kiki au ni kile kigelegele. Kishushe kwenye klipu kwa mkono, chenyewe tu, desibeli 5 au 6. Bado kitasikika.

Usishindane kwa ukubwa wa sauti. YouTube na Spotify huzishusha nyimbo zilizopigwa juu zilingane na nyingine, karibu na kiwango cha -14 LUFS, na redio nazo huwa na mashine zao za kusawazisha, kwa hiyo kilichokandamizwa kwako kitakandamizwa tena kwao.

Toa faili la WAV la biti 24 kwanza, kisha MP3 kutoka humo. Fungua MP3 hiyo kwenye programu, ikuze pale kwenye kibwagizo cha mwisho, utazame vichwa vya mawimbi kama ni mviringo au bapa, na uangalie kilele kimesoma ngapi. Kikisoma 0 au zaidi, shusha dari ya limita iwe -1.5 utoe upya. Mradi wenyewe utunze na treki zake mbichi, maana mwalimu wa kwaya atarudi akitaka sauti ya tatu iongezwe.